Ukanda, kanda na wingu la kometi

Swali: "Nafundisha sayansi sekondari hapa Mwanza. Kitini kinasema vimondo hutoka 'Ukanda wa Kuiper' na 'Wingu la Oort'. Wanafunzi wakauliza: huo ukanda ni kama Kanda ya Ziwa? Na hilo wingu la barafu hunyesha? Si afadhali tuviite vyote kanda?"

Mwalimu, kwanza vimondo tuviache. Kimondo ni jiwe linalowaka likipenya hewa yetu, na likitua bado huitwa kimondo, kama kile cha Mbozi. Kitini kilikusudia kometi, yaani nyota zenye mkia: madonge ya barafu na vumbi yanayotoa mkia yakikaribia jua.

Wingi wa ukanda ni kanda, lakini hizo ni kanda *za*. Kanda *ya* Ziwa ni umoja, maana yake eneo, liwe na umbo lolote. Ukanda una umbo lake: mwembamba, mrefu, kama ule wa kiunoni. Ndivyo ulivyo huo wa Kuiper, uliolizunguka jua ng'ambo ya Neptuni, kuanzia mara 30 hadi 50 ya umbali wa dunia na jua.

Kuhusu wingu, tazama ziwani. Wadudu wadogo wanapopanda juu ya maji kama moshi, sisi husema wingu la wadudu, wala hatungojei mvua. Wingu ni vitu vingi vilivyotawanyika pande zote. Wapo wanaopendekeza "ganda", nami silipendi, maana ganda hushikana kama la yai, na madonge haya yako mbalimbali mno.

Lakini umbo hilo limejulikanaje, na hakuna aliyewahi kuliona wingu lenyewe? Kwa njia za kometi. Kometi 67P, iliyofikiwa na chombo cha anga Rosetta mwaka 2014, hulizunguka jua kwa miaka sita na ushei, na wakati huo njia yake ilikuwa imeinama nyuzi 7 tu kutoka bapa ambalo sayari huzungukia jua. Kometi za namna hii huelekeza kwenye chanzo kilicholala bapa. Ile ya Tsuchinshan-ATLAS, iliyopita karibu na jua Septemba 2024, ilikuja kwa mwinamo wa nyuzi 139, kinyume na mwendo wa sayari. Nyingine hutoka juu, nyingine chini. Mwaka 1950 mwanaastronomia Jan Oort alihoji hivi: wageni wakitokea kila upande, basi kwao kumetuzunguka pande zote. Alipaweka mbali sana. Leo hukadiriwa kufika hata mara 100,000 ya umbali wetu na jua.

Mtego wa darasani ni kometi ya Halley. Kwa kuwa hurudi kila baada ya miaka 76 hivi, wanafunzi huipeleka kwenye ukanda. Njia yake imeinama nyuzi 162, nayo huenda kinyume, hivyo wanaastronomia wengi huihesabu ya wingu. Waangalie mwinamo pia, si miaka peke yake.