Karo ya Januari Haingoji Bei ya Hisa

Swali la wiki: "Nauza leso Marikiti, Mombasa, na mume wangu ameajiriwa. Mtoto wetu ana miaka miwili. Wakala anataka tuchukue bima ya elimu ya miaka 12, shilingi 5,000 kila mwezi. Kaka yangu asema hizo pesa ninunue hisa kisha nizisahau. Tufuate lipi?"

Dadangu, mimi ni karani wa karo katika shule ya upili, na hayo yote mawili nimeyaona yakifika dirishani kwangu. Nianze na la wakala, kwa sababu liliniuma mwenyewe.

Mwaka 2011 nilichukua bima kama hiyo kwa kifungua mimba wangu, shilingi 4,000 kwa mwezi. Nililipa miezi 22, halafu kazi niliyokuwa nayo ikaisha. Nikaenda ofisini kwao nikidhani nitarudishiwa angalau nusu ya zile 88,000. Sikupata hata ndururu. Yule binti wa kaunta alinionyesha ukurasa wa ndani wa mkataba wenye maandishi madogo: ukiacha kulipa kabla ya miaka mitatu kwisha, hakuna marejesho. Sababu si siri. Michango ya mwanzo ndiyo inayomlipa wakala kamisheni na kugharimia kufungua bima, kwa hiyo miaka hiyo hakuna kilichowekwa cha maana cha kukurudishia. Hata mwaka wa nne au wa tano, ukivunja unapata pungufu ya ulichotia.

Sasa tuseme unamaliza miaka yote 12. Utakuwa umelipa 720,000. Tuchukulie karatasi ya wakala inasema mwishoni utapata 980,000. Atakwambia ni faida ya 260,000, na kwa jicho la haraka inaonekana nono. Lakini shilingi yako ya kwanza ilikaa miaka 12 na ya mwisho mwezi mmoja tu. Kwa wastani pesa zako zilizokuwa ndani ni kama 360,000. Ukigawa faida kwa miaka inatoka kama asilimia 6, na ukihesabu vizuri, faida juu ya faida, inabaki takriban asilimia 5 kwa mwaka. Oktoba 2022 bei za vitu hapa Kenya zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.6 ukilinganisha na mwaka uliotangulia, kwa hiyo mwaka kama huo faida hiyo yote inaliwa na bei.

Hapo ndipo kazi ya mumeo inapoingia, na sijui kwa nini mawakala hawalisemi kwanza. Anayekatwa kodi ya mshahara na kulipia bima ya elimu ya miaka 10 au zaidi hupata nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya mchango, isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa mchango wenu hiyo ni 750 kila mwezi. Kwa hiyo bima hiyo inawatoka 4,250, si 5,000, na zile 980,000 zinageuka faida ya asilimia 7 na ushei. Lakini lazima bima iwe kwa jina lake na cheti chake kifike kwa mwajiri au kiingizwe kwenye ritani ya KRA. Ikiandikwa kwa jina lako wewe wa leso, usiyekatwa kodi ya mshahara, nafuu hiyo huenda mkaikosa kabisa. Na mkiivunja kabla haijaiva, nafuu yote mliyopewa hudaiwa irudi.

Kuna jambo moja ambalo bima hufanya na hisa haiwezi. Mzazi aliyekatiwa akifariki mwaka wa pili, bima nyingi za namna hii huendelea bila mchango na mtoto analipwa kama ilivyoahidiwa. Watoto wa namna hiyo nimewapokea, mara nyingi wakiletwa na shangazi au babu aliyekuja na barua. Mwenye hisa za miezi 20 akifa, mtoto anarithi hisa za miezi 20.

Sasa la kaka yako. Wangu pia alisema hivyo hivyo, na alitenda. Mwaka 2008 Safaricom ilipouza hisa kwa umma kwa shilingi 5, waombaji walikuwa wengi mno na kila mtu akamegewa kipande. Yeye alibaki na hisa 4,000, yaani 20,000 zake. Bintiye alizaliwa mwaka huo huo, akasema hizi ndizo karo yake. Mwaka uliofuata bei ilianguka chini ya 3, akanyamaza. Agosti 2021 ilipita 40. Hisa zake zilikuwa na thamani ya zaidi ya 160,000, na kila mtu nyumbani alijua, maana alitutangazia.

Hakuuza. Binti aliingia Kidato cha Kwanza mapema 2023, bei imeshaanza kuteremka, akasema atalipa kwa mshahara hadi ipande. Haikupanda. Januari 2024 mshahara ulikuwa umemwishia, muhula wa kwanza ndio mzito kuliko yote, akauza kwa shilingi 13 na senti. Hakufikisha 56,000. Karo ya mwaka mmoja ya shule ya kitaifa ilikuwa 53,554. Mwaka 2025 bei ikapita tena 25.

Hakupata hasara, na mgao wa faida alikuwa akipokea. Kosa lake lilikuwa neno "nisahau". Hisa unaweza kuzisahau mtoto akiwa na miaka miwili, siyo akiwa na kumi na moja. Na msidhani hisa haifungi pesa. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa sokoni Julai 2020 na hazikuuzwa tena hadi Januari 2025. Aliyeziwekea karo alikaa miaka minne na nusu hana wa kumuuzia.

Mtoto wenu atafika Gredi ya 10 baada ya miaka kama 13. Mimi ningefanya hivi. Bima iwe kwa jina la mumeo, ya 2,000 au 2,500 tu, kiasi ambacho mshahara wake unakibeba hata mwezi ambao Marikiti hakuna mnunuzi. Zinazobaki zinunue hisa, za kampuni nne au tano za biashara tofauti, na mwezi mbaya ukikushinda unaruka bila faini. Mtoto akifika miaka 10 anza kuuza, fungu kila mwaka, bei iwe nzuri au ya wastani, uhamishie kwenye bondi za serikali kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu. Kima cha chini ni 50,000, na unachagua inayoiva kabla ya Januari unayoihitaji. Ukishika hadi iive unalipwa ulichoandikiwa. Ukilazimika kuiuza katikati, bei yake nayo hupanda na kushuka.

Kabla mumeo hajatia sahihi, mwambie wakala alete jedwali la mwaka kwa mwaka linaloonyesha mtarudishiwa ngapi mkivunja mwaka wa 1, wa 3, wa 6. Muulize pia kama mnaweza kusimamisha michango bila kuivunja, bima ibaki ndogo hadi iive. Mimi wa kwangu aliniletea kalenda ya ukutani na kalamu. Jedwali nililiona siku niliyokwenda kaunta.