Msalaba, mwezi na gurudumu kwenye mlango mmoja

Swali: Mwalimu, salaam. Mimi ni fundi wa mabango, karakana yangu iko Gikomba. Hospitali moja ya binafsi imenipa kazi ya kibao cha mlango wa chumba cha sala. Mchoro walioniletea una msalaba mwekundu, mwezi na nyota, na gurudumu la spoki 24, vyote mstari mmoja kwenye bati jeupe. Jirani yangu, mzee wa Kiislamu, ameniambia mwezi si alama ya dini yao. Mteja wangu mwingine, mama wa Kihindu, akasema lile gurudumu ni la bendera. Hizi alama maana yake hasa ni nini? Nikizichora hivyo nitakuwa nimekosea?

Jibu: Fundi, wote wawili wamekuambia kweli, na msalaba wako nao una lake. Usikate bati kwanza.

Aliyechora alizipanga hizo alama kama ndugu wa tumbo moja, kila dini na yake. Sivyo zilivyozaliwa. Msalaba unakumbusha tukio moja lililompata mtu mmoja. Gurudumu linaeleza fundisho. Mwezi ulikuwa kalenda, kisha dola zikaufanya bendera, na ndiyo maana mzee wako anaukataa.

Nianze na mwezi, kwa sababu ndio wenye utata. Qurani inautaja mwezi mwandamo katika sura ya Al-Baqara, aya ya 189: watu wanamuuliza Mtume habari za miezi inapoandama, naye anaambiwa awajibu kwamba hiyo ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Basi. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, mwaka mzima una siku 354 hivi, na ndiyo sababu Ramadhani husogea mbele siku 10 au 11 kila mwaka kwenye kalenda yetu ya ukutani, leo Machi, kesho Februari. Jioni ya tarehe 29 Shaabani macho huelekea magharibi, na hapa Kenya watu husubiri tangazo la Kadhi Mkuu. Hakuna anayeutukuza mwezi wenyewe. Wanautazama kama unavyotazama saa.

Waislamu wa kwanza hawakuwa na nembo ya dini, na ushahidi mzuri wa jambo hili uko kwenye sarafu. Walipoiteka Uajemi waliendelea kutumia fedha za muundo wa wafalme wa Kisasani, zenye nyota na mwezi pembeni, kwa kuwa ndizo zilizozoeleka sokoni. Alama hiyo ilikuwapo kabla ya Uislamu. Hata mji wa Bizantio, ambao leo ni Istanbul, uliwahi kuigonga kwenye sarafu zake katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Khalifa Abdul-Malik alipotoa dinari mpya mwaka wa 77 wa Hijria, yaani 696 au 697, aliondoa picha zote akaacha maandishi matupu, na kubwa kati yake ni shahada, kwamba hapana mungu ila Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo dola ya Kiislamu ilipopata nafasi ya kuchagua sura yake yenyewe ilichagua maneno. Bendera ya Saudia mpaka leo ina shahada na upanga. Mwezi haumo.

Walioutembeza mwezi hadi ukajulikana dunia nzima ni Waturuki wa Dola ya Uthmaniya. Bendera yao nyekundu yenye mwezi na nyota ilitulia katika sura tunayoijua katikati ya karne ya 19. Wazungu wa wakati ule walikuwa wakisema Mturuki wakimaanisha Mwislamu, basi bendera ya dola ikasomwa kama alama ya dini. Baadaye nchi nyingine zikaupokea kwa hiari: Pakistan mwaka 1947, Algeria mwaka 1962. Kwetu pwani haukuwapo. Bendera ya Sultani wa Zanzibar, iliyopepea juu ya Fort Jesus Mombasa hadi 1963, ilikuwa kitambaa chekundu kitupu, na hakuna aliyeutilia shaka Uislamu wa Sultani kwa sababu hiyo. Utasikia pia kwamba pembe tano za nyota ni nguzo tano za Uislamu. Ni maelezo mazuri, lakini nyota ilitangulia na maelezo yakaifuata.

Mkiamua kuuchora hata hivyo, toa nyota ndani ya pembe. Lile giza lililo kati ya pembe mbili si anga tupu. Ni mwili wa mwezi usiopigwa na jua, kwa hiyo nyota iliyokaa pale ingebidi iwe mbele ya mwezi. Na ukitaka kujua mwezi mwandamo ulivyo hasa, simama mahali penye uwazi siku ya pili ya mwezi, jua likishatua, utazame upande wa vilima vya Ngong. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, utauona umelala kama dau, pembe zikielekea juu, umeinama kidogo huku au kule kulingana na msimu. Ule uliosimama wima kama kwenye bendera ni wa wachoraji.

Sasa gurudumu, na hapa dawa ni kuhesabu spoki. Zikiwa 8, ni gurudumu la dharma, yaani mafundisho, la Wabudha. Zikiwa 24 na rangi ni buluu ya bahari, umechora katikati ya bendera ya India.

Zamani katika India gurudumu lilikuwa la mfalme. Mtawala mkuu alisemwa ni yule ambaye gari lake la vita linabingiria nchi hadi nchi bila wa kulizuia. Budha, ambaye mwenyewe alizaliwa katika ukoo wa watawala, alipotoa hotuba yake ya kwanza kwa watawa watano katika bustani ya wanyama paa huko Sarnath, karibu na mji wa Varanasi, wafuasi wake walisema ameanza kulizungusha gurudumu la dharma. Waliichukua sifa ya mfalme wakaipa mafundisho: kinachobingiria nchi hadi nchi sasa ni neno, jeshi halimo. Ndiyo maana kwenye mahekalu mengi utaona paa wawili wamelala kila upande wa gurudumu. Ni wale wa bustani. Kwa karne kadhaa wachongaji hawakumchonga Budha mwenyewe. Waliweka gurudumu, nyayo, au kiti kitupu, na mtazamaji akajua ni nani.

Spoki 8 ni njia yenye sehemu nane: mtazamo sahihi, nia, usemi, matendo, riziki, juhudi, uangalifu wa akili na utulivu wa fikra. Wabudha wa Tibeti huendelea zaidi. Kitovu kwao ni nidhamu ya maisha, kwa kuwa ndipo kila kitu kinaposhikilia. Spoki ni hekima. Rimu ni utulivu wa fikra, unaofunga vyote visisambaratike. Wewe unayejua gurudumu la mkokoteni utaona mara moja kwamba mfano huu ulitungwa na mtu aliyewahi kulitazama gurudumu kwa karibu.

Zile 24 zinatoka kwa Ashoka, mfalme wa karne ya tatu kabla ya Kristo, aliyeigeukia dini ya Budha na kusimamisha nguzo za mawe katika milki yake. Nguzo ya Sarnath ina simba wanne, na chini ya miguu yao magurudumu yenye spoki 24. India ilipokaribia uhuru, bunge lake la katiba lilichagua gurudumu hilo tarehe 22 Julai 1947 na kuliweka mahali pa gurudumu la kusokotea pamba lililokuwa kwenye bendera ya wapigania uhuru. Asili yake ni ya Kibudha, ndiyo, lakini leo mtu wa Parklands akiliona mlangoni atadhani ameingia ubalozini.

Hapo ndipo neno la mama yule linapouma zaidi. Hospitali ilikusudia nani? Nairobi Wabudha ni wachache, Wahindu na Wajaini ni wengi. Kama aliyechora alifikiri gurudumu linawahusu Wahindu, amewakosa: kwao alama inayotambulika ni Om. Gurudumu la mungu wao Vishnu lipo, ila lile ni silaha yake, kisahani chenye makali, na si hili. Wajaini nao wana kiganja kilichofunguliwa chenye gurudumu ndani, na katikati yake neno ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe. Waulize wenye kazi kabla ya kukata. Kama kweli ni Wabudha, chukua bikari na kipimapembe, gawa duara kwa digrii 45, upate 8. Vishikio vinavyotokeza sana nje ya rimu vitaligeuza kuwa usukani wa meli, nimeshaliona kosa hilo kwenye kadi.

Msalaba nitaupitia haraka. Neno lenyewe ni la asili moja na kusulubu: kilikuwa chombo cha Warumi cha kuulia watumwa na waasi, hadharani, kwa aibu. Wakristo wa mwanzo walijichora alama yake kwenye paji la uso kwa kidole, lakini ukutani waliona heri samaki au nanga. Mojawapo ya picha za kale sana za Yesu msalabani ni ya dhihaka: imekwaruzwa kwenye ukuta wa plasta huko Roma, inaonyesha mtu mwenye kichwa cha punda amesulubiwa, na chini yake maandishi yanamcheka mtu anayemwabudu. Msalaba ulitoka hadharani kwa heshima baada ya Kaisari Konstantino, karne ya nne. Wakatoliki hupenda wenye mwili wa Yesu, Waprotestanti mtupu. Mtupu wenye mguu mrefu hautamkwaza yeyote kati yao. Mashahidi wa Yehova hawautumii kabisa, wao husema ni mti wa mateso.

Kasoro yako ni rangi. Msalaba mwekundu juu ya bati jeupe, tena hospitalini, ni wa Msalaba Mwekundu. Alama hiyo ilitokana na Mkataba wa Geneva wa 1864, ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi, na haikukusudiwa kuwa ya dini. Waturuki walipopigana na Warusi mwaka 1877 na 1878 walitumia mwezi mwekundu mahali pake, kwa hiyo usiupake mwezi nyekundu pia. Zote mbili zinalindwa kisheria. Tumia nyeusi au kahawia.

Na kama hospitali inataka kumfaa Mwislamu kuliko mwezi wowote, watengenezee mshale mdogo wa kibla wa kubandika darini ndani ya chumba. Kutoka Nairobi, Maka iko karibu kaskazini kabisa, digrii 7 hivi kuelekea mashariki. Upime kwa dira ukiwa ndani ya chumba chenyewe, mbali na vitanda vya chuma, maana vyuma huvuta sindano.