Barua ya kwanza ya kuomba kazi ya ualimu wa elimu ya viungo

"Nimehitimu elimu ya viungo na sijawahi kuajiriwa. Niandike nini kwenye barua?"

Ndugu, aya ya kwanza itaje nafasi unayoomba na sifa yako ya kitaaluma kwa sentensi mbili tu, kisha nguvu zako zote uziweke katika aya ya mazoezi ya kufundisha, kwa sababu huo ndio uzoefu ulio nao. Wahitimu wengi hapo huorodhesha medali zao, ilhali mkuu wa shule anatafuta mtu atakayeweza kulimudu darasa kubwa uwanjani, lenye vifaa vichache, bila mtoto kuumia.

Eleza kipindi kimoja kama kilivyokuwa, kwa takwimu zako za kweli. Kwa mfano: "Nilikuwa na wanafunzi 40 na mipira mitano. Niliwagawa katika vituo vinne vya watu kumi: pasi kwa jozi, kuruka kamba, kuruka chini na mbio za kupokezana vijiti, wakibadilishana kila baada ya dakika sita." Msomaji ataona mara moja kwamba mipira mitano ilitosha, maana ni kituo kimoja tu kilichoihitaji.

Ongeza sentensi moja kuhusu usalama, yaani jinsi ulivyokagua uwanja kabla ya kipindi na ulivyomshirikisha mwanafunzi mwenye pumu au ulemavu. Taja pia somo la pili unaloweza kufundisha, kwani shule nyingi hazina vipindi vya michezo vya kutosha kumjazia mwalimu ratiba.