Rekodi ya webina itapatikana lini? Andika siku na saa

Swali: Webina yetu ya dakika 75 imeisha leo Alhamisi saa 10 jioni, na zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakutokea. Nataka kuwaandikia usiku huu huu. Je, niwaambie rekodi itapatikana ndani ya saa 24, kama violezo vingi vinavyosema, au "hivi karibuni"? Rekodi yenyewe bado haijaingia kwenye akaunti yangu.

Jibu: Usiandike lolote kati ya hayo mawili. "Hivi karibuni" humfanya msomaji afungue kiungo mara tatu, akute ukurasa mtupu, kisha aache. "Ndani ya saa 24" ni mbaya zaidi, kwa sababu ni ahadi unayoitoa kwa niaba ya mtambo usioumiliki. Kila juma naziona barua za namna hii, na karibu zote zimetoka kwa wauza violezo ambao, nina shaka, hawajawahi kukaa usiku wakisubiri faili imalize kuchakatwa.

Hesabu yako ianzie kwenye faili. Zoom, kwa mfano, inaeleza kuwa rekodi inayohifadhiwa kwenye wingu huchukua kwa kawaida muda wa takriban mara mbili ya urefu wake kuchakatwa, na kwamba mzigo ukizidi inaweza kufika saa 24. Kwa dakika zako 75, hizo ni kama saa mbili na nusu, yaani saa 12:30 jioni ya leo mambo yakienda vizuri, au kesho Ijumaa saa 10 jioni yakienda vibaya, na ahadi hujengwa juu ya huo muda wa pili. Baada ya hapo ni lazima mtu aisikilize yote, aondoe zile dakika za mwanzo ambazo wasemaji walikuwa wanajaribu vipaza sauti, aangalie kama kuna aliyeonyesha barua pepe zake binafsi kwenye skrini, kisha asahihishe manukuu, ambayo mashine huyakosea hasa kwenye majina ya watu. Kazi hiyo nisingeipa chini ya siku moja ya kazi. Ikiwa hamfanyi kazi mwisho wa juma, basi hiyo ni Jumatatu, na ahadi salama ni Jumanne asubuhi.

Barua yenyewe iwe fupi:

> Asante kwa kujiandikisha. Kama hukuweza kuwa nasi Alhamisi, rekodi nzima itakuwa kwenye kiungo hiki kuanzia Jumanne, saa 4:00 asubuhi (UTC+3). Huhitaji kujiandikisha upya.

Neno "kama" nimeliweka makusudi, kwa kuwa orodha ya wasiohudhuria haiaminiki sana: aliyejiunga kwa simu ya kawaida, au aliyetazama kwenye kompyuta ya mwenzake, anaweza kuhesabiwa kuwa hakuwepo, na ukimwandikia "hukuhudhuria" utakuwa umemsingizia. "Asubuhi" nayo isiachwe, maana saa 4:00 iliyoandikwa peke yake mmoja ataisoma saa nne asubuhi na mwingine saa kumi jioni. Kiungo kiwe cha ukurasa wako mwenyewe, ambao sasa hivi unaonyesha siku na saa ile ile na baadaye utabeba video. Kabla ya Jumanne kifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari, ukiwa hujaingia kwenye akaunti yoyote, uone kama kinadai nywila ambayo hukumpa mtu.

Angalia pia barua ya kujiendesha iliyomo ndani ya programu ya webina. Hiyo hutumwa kwa siku zilizopangwa na haijui kama umemaliza kuhariri. Niliwahi kuiacha ikiwa imewashwa, ikawapelekea watu kiungo cha rekodi ghafi yenye mazungumzo ya wasemaji kabla ya kuanza, nami nikashinda siku nzima nikiomba radhi. Izime kwanza, ndipo uandike ya kwako.

Ukiona Jumatatu jioni kwamba kazi haitakamilika, andika kabla ya saa uliyoahidi, ukitaja siku na saa nyingine. Kuchelewa kwa namna hiyo watu huvumilia.

Wasichopaswa kuvumilia ni ile mbinu inayofundishwa na wauza violezo hao hao, ya kudai rekodi itafutwa baada ya saa 48 ili watu waharakishwe, ilhali miezi sita baadaye kiungo bado kinafanya kazi. Mpokeaji akishaligundua hilo, tarehe yoyote utakayoandika kwenye barua zijazo ataiona kuwa chambo, hata ile ya kweli. Kama rekodi ina mwisho halisi, tuseme msemaji ameruhusu ionyeshwe kwa siku 30 tu, taja tarehe hiyo ndani ya barua. Kama haina, usiibuni.