Fein au sein?

"Cheti cha Kijerumani cha 1872, wino umefifia. Nasoma 'fein', yaani laini, lakini sentensi haina maana. Nakosea wapi?"

Ndugu, hiyo karibu hakika ni "ſein", yaani "-ake" au "kuwa". Fraktur, chapa ya zamani ya Kijerumani, ina s ndefu, ſ, inayofanana mno na f. Tazama kwa kioo cha kukuzia: kistari cha f huvuka hadi kulia, cha ſ huishia kushoto. Wino ukififia kistari hupotea, hapo sentensi ndiyo iamue. Mwishoni mwa neno, kama "auf", soma f, kwani s ndefu haikai hapo. Ukikuta "Thür", mlango, tafuta "Tür" kwenye kamusi. H hiyo iliondolewa na mkutano wa tahajia wa 1901.