Dakika Moja ya Sauti ya Marikiti

*Swali la wiki: Kijana asiye na kompyuta yake mwenyewe humpataje mteja wa kwanza wa mtandaoni? Tusimulieni kisa.*

Mimi ni mhudumu wa saiba moja karibu na barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Wengi wanaopanda ngazi zetu huja kwa shughuli za haraka: ritani za KRA, kuchapisha CV, cheti cha mwenendo mwema kwenye eCitizen. Kijana huyu alikuwa akikaa. Tunatoza shilingi moja kwa dakika, na mwaka huo wa 2024 nilimwona akizihesabu dakika zake kwa uchungu, akituma maombi ya kazi kwenye Upwork, jukwaa la kazi za mtandaoni. Alitaka kazi ya kunakili sauti kuwa maandishi. Kiswahili chake kilikuwa safi na vidole vyake vilikuwa vyepesi, lakini hakuna aliyemjibu.

Siku moja aliniita nimsaidie kuchapisha, nikaiona barua yake. Ilikuwa ni ileile kwa kila kazi: mimi ni mchapakazi, mwaminifu, nipe nafasi. Kumbe kila ombi hulipiwa kwa pointi ziitwazo Connects, na pointi zikiisha mtu hununua, moja kwa senti 15 za dola. Barua ambayo mteja haimalizi inakula pesa, na ilikuwa ikimla.

Jibu la kwanza alilopata lilitoka kwa mtu aliyetaka wahamie Telegram, kisha alipe shilingi 1,500 za kusajiliwa kabla ya kupewa kazi. Nilimwambia aachane naye. Mwenye kazi ndiye anayelipa, na anayekuvuta nje ya jukwaa anakutoa mahali ambapo pesa yako inalindwa. Tangu hapo akawa anaangalia kwanza kama chini ya tangazo pameandikwa Payment verified, yaani njia ya malipo ya mteja imethibitishwa.

Kilichogeuza mambo ni saa. Alizoea kuja asubuhi, wakati wateja wengi wa Amerika wamelala na matangazo ya jana yameshajaa maombi. Nikamshauri aje jioni. Saa kumi na moja jioni hapa ni saa nne asubuhi kule Toronto wakati wa kiangazi, na ndipo alipoliona tangazo ambalo halikuwa limekaa hata nusu saa. Mtafiti alikuwa amewahoji wauza mboga wa Marikiti na alitaka mahojiano ya dakika 45 yanakiliwe kwa Kiswahili, kwa dola 45. Aliambatanisha dakika moja ya sauti.

Kijana aliazima vifaa vya masikioni kutoka kaunta, akaisikiliza dakika ile mara nyingi. Kisha akaandika barua fupi ambayo naikumbuka vizuri kwa sababu aliniomba niisome. Aliiandika kwa Kiingereza, lakini maneno yalikuwa haya: "Nimesikiliza sauti uliyoweka. Wanaozungumza ni watatu, na wawili wanaingiliana. Kuanzia sekunde ya 38 mkokoteni unapita na maneno kadhaa hayasikiki. Mahali kama hapo nitaweka alama ya muda, sitabahatisha. Je, unataka kila neno lilivyotamkwa, pamoja na kusitasita na kurudiarudia, au maandishi yaliyosafishwa?"

Hakusema popote kwamba ni mchapakazi. Swali lile la mwisho ndilo lililofanya kazi, naamini hivyo kabisa, kwa maana anayejua kunakili huliuliza kabla ya kugusa kibodi. Atakayechunguza jinsi watu wanavyosema anahitaji kila kigugumizi, na anayetaka kujua bei ya sukuma wiki hakihitaji. Mtafiti alijibu jioni ileile: kila neno, tafadhali, na unaweza kuanza lini?

Kijana akataka kuanza papo hapo.

"Mdogo wangu, pesa imewekwa?" nikamuuliza.

"Dada, si ameshasema ananichukua?"

"Kusema ni kusema. Fungua mkataba tuone."

Kwa kazi ya bei moja, mteja huweka pesa kwanza, na jukwaa huishikilia mpaka kazi ikubaliwe. Tulipofungua, neno Funded halikuwepo. Akamwandikia kwa adabu kwamba ataanza mara malipo yatakapowekwa. Niliona jinsi alivyoogopa kwamba mzungu atakasirika. Kesho yake jioni neno lilikuwepo, bila maneno mengine.

Kunakili kukaanza. Sauti safi ya saa moja humchukua mzoefu kama saa nne, na hii ya sokoni ilikuwa na makelele, kwa hiyo nilimwambia atenge zaidi ya hapo na agawe kwa jioni mbili. Alitumia oTranscribe, ambayo hufunguka ndani ya kivinjari: unabonyeza Esc sauti inasimama, Ctrl+J inaandika dakika uliyofikia. Raha yake ni kwamba huhangaiki kuruka kutoka dirisha moja hadi jingine. Hatari yake ni kwamba maandishi hubaki ndani ya kivinjari cha mashine ileile, na mashine zetu zina programu inayofuta kila kitu zikizimwa na kuwashwa upya. Nikamwonya: kila baada ya dakika chache, nakili yote uliyoandika uyabandike kwenye Google Docs.

Jioni ya kwanza stima ikapotea. Saiba nzima ikapiga kelele. Iliporudi, alifungua Docs akakuta ukurasa wa sita umekatika katikati ya sentensi, akaendelea kutoka hapo. Alikuwa amepoteza mistari michache tu. Programu hiyohiyo ya kufuta ilimfaa kwa njia nyingine, maana sauti za akina mama waliosema siri za biashara zao hazikubaki kwenye mashine ambayo kesho ingekaliwa na mtu mwingine. Akimaliza, anatoka kwenye akaunti, tunaizima na kuiwasha.

Alipotuma kazi, aliituma kama faili ndani ya mazungumzo, akakaa akisubiri. Siku zikapita kimya. Nilipouliza, nikagundua hakubonyeza kitufe cha kuwasilisha kazi kwa malipo. Hilo wageni wengi hawalijui: kwa faili la mazungumzo peke yake saa haianzi kuhesabu. Ukibonyeza kitufe, mteja ana siku 14 za kukagua, na asiposema lolote pesa inaachiliwa yenyewe. Alibonyeza. Mtafiti akarudi na jambo moja, kwamba kwenye ukurasa wa nne msemaji wa pili na wa tatu wamebadilishana nafasi. Kijana akasikiliza tena, akarekebisha, na malipo yakakubaliwa.

Jukwaa likakata asilimia 10, zikabaki dola 40.50, na zikakaa siku tano za usalama kabla ya kutolewa. Akazipitisha PayPal hadi M-Pesa. Hapo jina lazima lilingane pande zote mbili, na ndiyo sababu nawakataza vijana wanaouziwa akaunti zenye majina ya watu wengine huko mitaani. Kwa kiwango cha wakati ule zilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 5,200 kabla ya makato ya kuhamisha, na saiba ilikuwa imekula shilingi mia tatu hivi za kunakili.

Wiki iliyofuata mtafiti alimletea mahojiano mengine mawili kwa bei ileile ya dola moja kwa dakika. Kijana aliomba asikilize kwanza. La kwanza lilirekodiwa ndani ya duka, akalikubali. La pili lilirekodiwa kituo cha matatu, honi juu ya honi, na kwa hilo akaomba dola moja na nusu kwa dakika, akieleza ni sehemu zipi zitakazomchukua muda. Mtafiti akaweka pesa zote mbili siku hiyo.