Nitajie siku mbili, saa nitapanga mimi

"Shikamoo mama. Kuna muuguzi mpya huko Tanga nimekubali kumlea kikazi. Nilimwandikia aniambie ana nafasi lini tuongee kwa simu. Akajibu, 'Wakati wowote, dada.' Nikamuuliza tena, kimya hadi leo. Nimwandikieje ili achague muda mwenyewe bila kumchosha?"

Marahaba mwanangu. Umenikumbusha miaka niliyokuwa inchaji wa wodi. Alikuja binti mmoja kutoka chuoni, nikamwambia, "Njoo ofisini wakati wowote ukiwa na nafasi." Hakuja. Nikamhesabu mvivu. Baadaye aliniambia alifika mlangoni mara tatu, kila mara akanikuta nimeinamia mafaili, akageuka. Yule hakukosa nafasi. Alikosa ujasiri wa kuamua kwamba muda wangu sasa ni wake.

Huyo wako naye ndivyo alivyo. "Wakati wowote" ni adabu, si jibu. Swali lako limempa kazi tatu kwa mara moja: apekue rosta yake, akisie wewe huko Hamburg, Ujerumani, unatoka kazini saa ngapi, kisha athubutu kumpangia mkubwa wake. Ile ya kwanza tu ndiyo inayomhusu, maana rosta anaijua yeye. Hizo mbili zichukue wewe.

Usimtumie na orodha ya saa zako achague. Kwa mtu wa ofisini inafaa, lakini mtu wa zamu unaweza kumpa nafasi tatu na zote zikaangukia kazini, au asubuhi aliyotoka usiku na anataka kulala tu. Hapo atalazimika kukukatalia mara tatu, na hatakataa, atanyamaza. Mimi ningemwandikia hivi:

"Habari za kazi, mdogo wangu. Nataka tuongee dakika 30 wiki ijayo, nitakupigia mimi. Angalia rosta yako, unitajie siku mbili, na kama ni asubuhi, mchana au jioni. Saa nitapanga mimi. Mfano: Jumanne jioni, Ijumaa asubuhi. Usiandae chochote. Kama wiki imebana, andika 'wiki nyingine' tu."

Huo mfano usiuache. Ndio unaomwonyesha kwamba maneno manne yanatosha, wala hadaiwi barua ya heshima. Na ile "wiki nyingine" inampa njia ya kukataa bila kueleza msiba wala homa ya mtoto. Sauti pia aruhusiwe kutuma. Picha ya rosta usiombe, ina majina ya wenzake.

Akijibu "Jumanne jioni", usimrudishie swali jingine. Mpe saa moja iliyokamilika: "Jumanne saa 1:00 jioni, saa za Tanga." Hapa uwe macho, kwa kuwa umeshaanza kusoma saa za Wajerumani. Ukiandika "saa 7" ukiwaza jioni, yeye atakaa na simu saa saba mchana. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba mnapishana saa moja, kwa hiyo saa 1:00 jioni ya Tanga kwako ni 18:00. Oktoba mkishageuza saa zenu, ni 17:00. Saa ya Tanga iache palepale, ujisogeze wewe. Yeye asibebeshwe majira ya baridi ya Ulaya.

Halafu kuna jambo la bando. Ukimpigia kwa WhatsApp unadhani umelipa wewe, kumbe na yeye data yake inaliwa. Piga simu ya kawaida, au mrushie bando kabla, kimyakimya.

Sasa amenyamaza tayari, na ujumbe wa tatu wenye swali utaonekana kama lawama. Baada ya huo niliokuandikia, subiri siku tatu. Asipojibu, pendekeza wewe moja tu: "Nimeweka Jumamosi saa 4:00 asubuhi. Ikikufaa andika ndiyo, isipokufaa andika hapana." Akijibu salamu na kucheka vichekesho vyako lakini muda anauruka, basi si rosta. Pengine anadhani unamkagua, au utamsema kwa mkubwa wake wa wodi. Hapo acha habari ya muda, umwambie mtakachoongea na kwamba hakiandikwi popote.

Mkishaongea mara ya kwanza, usifunge "kila Jumanne". Rosta hubadilika. Muulize tu mpya hubandikwa lini, na siku hiyo ndiyo umtumie ule ujumbe, angali ameisoma.

Nami Jumapili jioni au Jumatatu asubuhi nipo. Saa panga wewe.

Mama yako